Hapa, Hapo na Pale: Nafasi ya Msikilizaji katika Uashiriaji wa Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vingi vya sarufi hueleza vioneshi vya Kiswahili kwa kipimo cha umbali: *hapa* ni karibu, *hapo* ni umbali wa kati, *pale* ni mbali. Makala hii inadai kwamba maelezo hayo hayawezi kusimama kwa upande wa vioneshi vyenye *-o* ya mwisho. Kwa kutumia mazungumzo ya daktari na mgonjwa, mazungumzo ya simu, na tofauti iliyopo kati ya usimulizi wa hadithi na uandishi wa habari, tunaonesha kwamba *hapo*, *huyo* na wenzao huashiria kile kilicho mikononi mwa msikilizaji, ama kwa kuwa kiko kwake, ama kwa kuwa ameshapewa na mazungumzo. Tunaonesha pia mahali ambapo maelezo yetu yanapwaya, na athari za suala hili katika kumbukumbu za mahakama.

1. Kitovu na tatizo la umbali wa kati

Maneno *mimi*, *wewe*, *hapa*, *sasa* na *huyu* yana tabia inayoyatenga na maneno kama *mlima*, *chumvi* au *seremala*. Mtu akiokota karatasi njiani yenye sentensi *Nitakusubiri hapa kesho*, ataielewa sentensi hiyo bila shida, maadamu anajua Kiswahili. Hata hivyo, hataweza kusema ni nani atakayemsubiri nani, wapi, wala siku ipi. Maana ya sentensi anayo. Asichokuwa nacho ni mahali pa kuitundika. Hali hiyo ya neno kutegemea nani anasema, na nani, wapi na lini, ndiyo tunayoiita uashiriaji katika makala hii. Baadhi ya wanaisimu hutumia neno la kukopa, deiksisi.

Mwanasaikolojia wa lugha Karl Bühler, katika kitabu chake cha nadharia ya lugha cha mwaka 1934, aliyaeleza maneno ya aina hii kwa kuyahusisha na kitovu kimoja chenye sehemu tatu: mimi, hapa na sasa. Kila anayefungua kinywa anakichukua kitovu hicho na kukifanya chake. Akinyamaza na mwenzake akaanza kusema, kitovu huhama. Kwa mtazamo huo, *hapa* ni mahali pa kitovu, na maneno mengine ya mahali hupimwa kuanzia hapo. Ni mtazamo wenye nguvu, na hatuna nia ya kuukataa. Tunachotaka kuuliza ni jambo jembamba zaidi: je, Kiswahili kina kitovu kimoja tu?

Swali hilo linatokana na mfumo wenyewe wa vioneshi. Kwa kila ngeli tuna safu tatu: *huyu, huyo, yule*, *hiki, hicho, kile*, *hapa, hapo, pale*, *huku, huko, kule*. Safu ya kwanza na ya tatu hazina utata mkubwa. Ni safu ya kati inayowasumbua waandishi wa vitabu. Wengi wao, kwa kuwa wameanza na karibu na wanajua watamaliza na mbali, huiweka katikati na kuiita umbali wa kati, kisha huongeza kwamba vioneshi hivyo hivyo hutumika pia kwa kitu kilichokwisha kutajwa. Mwanafunzi huachiwa kazi ya kujiuliza kuna uhusiano gani kati ya hatua chache za ardhi na kutajwa katika mazungumzo. Kwa kawaida hajiulizi. Hukariri yote mawili.

Umbo la maneno lilipaswa kututia shaka mapema. *Hapo* haliko katikati ya *hapa* na *pale* kimaumbo. Linaanza na *h-* kama *hapa*, halina chochote cha *-le*, na linaishia na *-o*. Na hiyo *-o* si ngeni: ndiyo iliyomo katika *kitabu nilichokisoma*, katika *ninacho*, katika *ndicho* na katika *nacho*. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliikusanya mifano hiyo yote chini ya jina moja, *-o* ya urejeshi, na alikuwa sahihi kufanya hivyo. Anayejibu *Ninacho* anamtegemea mwenzake ajue ni kitu gani kinachozungumzwa. Hakuna hata moja kati ya maumbo hayo linalohusu umbali. Ingekuwa ajabu mofimu ile ile, ikifika katika vioneshi, igeuke kuwa kipimo cha urefu.

2. Kikombe, simu na kidole cha daktari

Tuanze na jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya mezani kwake. Msemaji amekaa. Kikombe kiko hatua mbili kutoka alipo, na hakijatajwa na yeyote. Msikilizaji amekaa kando ya kikombe hicho. Msemaji anasema:

(1) Nipe kikombe hicho, tafadhali.

Sasa msikilizaji ainuke, aje akae ubavuni mwa msemaji. Kikombe hakijasogezwa; umbali kati yake na msemaji ni ule ule wa hatua mbili. Msemaji akikihitaji tena, sasa atasema:

(2) Niletee kikombe kile, tafadhali.

Kama safu ya *-o* ingekuwa ya umbali wa kati, *hicho* katika (1) lingebaki *hicho* katika (2), kwa sababu umbali kutoka kwenye kitovu haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali alipo msikilizaji. Tunaweza kulisemea jaribio hili neno la tahadhari: baada ya (1) kikombe kimekwisha kutajwa, kwa hiyo katika (2) *hicho* pia linakubalika kwa njia ya urejeshi. Anayetaka jaribio safi na atumie vikombe viwili tofauti katika vyumba viwili. Matokeo yatakuwa yale yale.

Simu inatupa ushahidi wa aina nyingine, kwa kuwa inaondoa kabisa uwezekano wa umbali mfupi. Mtu aliye Mwanza anazungumza na ndugu yake aliye Mombasa. Kati yao kuna mamia ya kilomita. Atasema:

(3) Sisi huku hatujambo, sijui ninyi huko.

(4) Huko mvua zimeanza?

Salamu ya (3) ni ya kale kuliko simu. Imo katika barua za watu wetu tangu barua zilipoanza kuandikwa. Kwa kipimo cha umbali, Mombasa ilistahili *kule*. Lakini msemaji wa Mwanza akiuliza *Kule mvua zimeanza?*, ndugu yake atashangaa na kumuuliza, *Kule wapi?* Atadhani anaulizwa juu ya mahali pa tatu, pengine shambani kwao, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepo. Swali hilo la kushangaa ndilo kipimo kizuri: linatuonesha kwamba *kule* limewatoa wote wawili, na kwamba *huko* lilikuwa la msikilizaji peke yake. Kwa njia hii *-le* nayo inapata maelezo bora kuliko mbali. Ni mahali pasipo pako wala pangu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yetu, uko katika chumba cha daktari. Mgonjwa amelala kitandani, analalamika maumivu ya tumbo. Daktari anambonyeza sehemu moja baada ya nyingine.

(5) Daktari: Mama, unaumwa hapa?
Mgonjwa: Hapana, daktari. Shuka kidogo.
Daktari: Hapa?
Mgonjwa: Hapo! Hapo hapo!

Hakuna mahali pa dunia palipo karibu zaidi na msemaji kuliko mwili wake mwenyewe. Kama *hapa* ni neno la mahali palipo karibu na kitovu, basi mgonjwa anayetaja tumbo lake hana neno jingine la kutumia. Hata hivyo anasema *hapo*, na kila mwenye lugha anaona kwamba ndilo jibu. Sababu ni kwamba wakati huo mahali penyewe pamo chini ya kidole cha daktari. Tumbo ni la mgonjwa, lakini uashiriaji ni wa daktari.

Mtu anaweza kupinga kwamba mgonjwa anarejelea tu *hapa* la daktari lililotangulia, na kwamba huu ni urejeshi wa kawaida. Pingamizi hilo linajibika. Tuseme daktari ni mtu wa maneno machache, anabonyeza kimya bila kuuliza. Kidole kikifika penye kidonda mgonjwa bado atasema *Hapo!*, ingawa hakuna neno lolote lililotangulia. Kisha tuseme daktari ameshindwa kupapata, na mgonjwa anaweka kidole chake mwenyewe. Hapo hapo neno linabadilika:

(6) Mgonjwa: Ni hapa, daktari.

Mahali ni pale pale, mwili ni ule ule, msemaji ni yule yule, na umbali ni sifuri katika hali zote mbili. Kidole tu ndicho kilichobadilika mwenyewe. Kinyozi na mteja wake, fundi cherehani anayepima kiuno cha suruali, mtoto anayemwomba nduguye amkune mgongo: wote hawa hufanya hivyo bila kufikiri.

Robert Leonard, katika makala yake ya mwaka 1985 juu ya vioneshi vya Kiswahili, alikwisha kudai kwamba umbali si msingi wa tofauti hizi, na badala yake akapendekeza kiwango cha kumtaka msikilizaji azingatie kinachotajwa. Tunakubaliana naye katika kukanusha umbali. Lakini uzingativu peke yake hautoshi kueleza (5) na (6). Mgonjwa anayesema *Hapo hapo!* hataki uzingativu mdogo kuliko anayesema *Ni hapa*. Pengine ndiye anayeutaka zaidi, kwa sababu anabonyezwa penye maumivu. Kinachotofautisha sentensi hizo mbili ni nani anayepashika mahali panapotajwa.

Inafaa kutaja kwa ufupi kwamba kitenzi *-ja* nacho humjali msikilizaji kwa njia kama hii. Anayeitwa kwa simu hujibu *Nakuja*, akimaanisha kwamba anakwenda alipo mwenzake. Amemwazima mwenzake kitovu. Mijini siku hizi utamsikia hata anayeondoka akiaga kwa *Nakuja*, kwa maana kwamba atarudi. Wazee wa pwani huikunjia uso kauli hiyo, lakini mantiki yake ni ile ile: safari inahesabiwa kutoka kwa anayebaki.

3. Kutoka kidole hadi kutajwa

Ikiwa *-o* huashiria kile kilicho kwa msikilizaji, uhusiano wake na urejeshi unaacha kuwa fumbo. Kitu kilichokwisha kutajwa kimekwisha kumfikia msikilizaji. Anacho, ingawa si mkononi. Tukisema *Alihamia Tabora, na huko alikaa miaka mitatu*, neno *huko* halipimi umbali wa Tabora kutoka kwetu. Linaweza kusemwa na mtu aliye Tabora kwenyewe, ingawa huyo angekuwa na hiari ya kutumia *huku* pia. Linamwambia msikilizaji: pachukue mahali nilipokupa sasa hivi.

Waandishi wa makala za kitaaluma wanaifuata kanuni hii bila kuagizwa. Tunaandika *kama tulivyoeleza hapo juu*, na tunaandika *mifano ifuatayo hapa chini*. Yaliyo juu msomaji ameshayasoma, ni yake. Yaliyo chini bado yako mkononi mwa mwandishi. *Hapo chini* nalo linapatikana, na hatulihesabu kuwa kosa, kwa kuwa karatasi yote imo mbele ya macho ya msomaji na anaweza kushuka kwa jicho kabla ya kufika. Lakini *hapa juu*, kwa maana ya aya zilizopita, husikika mara chache zaidi, na linapotokea huwa na ladha ya aliyesimama mbele ya ubao akiugusa kwa chaki.

Kanuni hii ikiwa sahihi, ingetarajiwa kwamba kila kilichotajwa kirejelewe kwa *-o*. Sivyo ilivyo, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Linganisha mianzo miwili tuliyoitunga kwa ajili ya makala hii:

(7) Mzee mmoja mkazi wa Korogwe amenusurika kifo baada ya nyumba yake kuangukiwa na mti. Mzee huyo alikuwa amelala wakati mti ulipoanguka.

(8) Paliondokea mzee mmoja, akajenga nyumba chini ya mti mkubwa. Siku moja yule mzee amelala, akasikia mti unasema.

Katika (7) mzee aliyetajwa anarejelewa kwa *huyo*, na kioneshi kinafuata nomino. Katika (8) anarejelewa kwa *yule*, na kioneshi kinatangulia. Ukibadilisha, ukasema *Siku moja mzee huyo amelala*, hakuna aliyevunja sarufi, lakini msikilizaji atahisi kwamba bibi aliyekuwa akisimulia hadithi ameanza ghafla kusoma gazeti. Na mwandishi wa habari akiandika *Yule mzee alikuwa amelala*, mhariri atamsahihisha, au msomaji atadhani ni mzee ambaye habari zake zilichapishwa jana.

Maelezo ya kawaida husema kwamba *yule* ikitangulia nomino hufanya kazi ya kubainisha tu, na kwamba imekwisha kupoteza uashiriaji wake. Hatuoni sababu ya kuinyang'anya maana yake. Mwandishi wa habari yuko katika uhusiano wa kutoa na kupokea: anampa msomaji taarifa, kisha anairejelea kama kitu alichompa. *Mzee huyo* ni mzee niliyekupa katika sentensi iliyopita. Msimulizi wa hadithi hatoi taarifa kwa namna hiyo. Bühler alieleza aina ya uashiriaji unaofanyika katika fikra, ambapo wasemaji huonesha vitu visivyokuwepo kana kwamba vipo mbele ya macho, na hadithi ndiyo nyumba yake. Msimulizi na wasikilizaji wake wamekaa upande mmoja, wote wanatazama mandhari iliyo nje yao. Mzee haumo katika himaya ya msimulizi wala ya wasikilizaji; yuko kule, chini ya mti, na wote wanamwona. Hiyo ndiyo maana ya *-le* tuliyoikuta kwenye simu ya Mwanza.

Maelezo haya yanapata nguvu kutokana na kinachotokea hadithi inapopamba moto. Msimulizi hodari, akifika penye hatari, huacha *yule* na kusema, *Sasa huyu mzee afanye nini?* Haikusudiwi kwamba mzee amesogea. Msimulizi ndiye aliyeingia chini ya mti, akasimama karibu naye, na amewaacha wasikilizaji nje kwa muda. Mambo yakitulia, *yule* hurudi. Anayekusanya hadithi simulizi na kuzinukuu kwa maandishi anafaa kuziacha hatua hizi kama zilivyo. Mhariri anayezisawazisha zote kuwa *huyo*, kwa kudhani anasanifisha lugha, anamfukuza msimulizi mahali aliposimama.

4. Panapopwaya

Kuna matumizi ambayo kanuni yetu hayayameza kwa urahisi, na lililo maarufu kuliko yote ni mwanzo wenyewe wa hadithi, *Hapo zamani za kale*. Hakuna kilichotajwa kabla yake, na msikilizaji hana wakati wowote mkononi. Inawezekana kudai kwamba msimulizi anamkabidhi msikilizaji wakati huo kana kwamba tayari anaujua, kwa kuwa zamani za hadithi ni zile zile kila jioni. Dai hilo linapendeza, lakini hatuna njia ya kulijaribu kama tulivyojaribu kidole cha daktari, na kwa hiyo hatuliegemei.

Tunachoweza kukionesha ni kwamba *hapo* la wakati ni pana kuliko hadithi. Husemwa *hapo awali*, *hapo baadaye*, na katika matangazo ya habari *hapo jana* na *hapo kesho*. Halielekei nyuma tu, wala mbele tu. Kinachoyaunganisha matumizi hayo ni kwamba yote yanataja wakati usiokuwa wa kusema. Wakati wa kusema wenyewe hupewa *hapa*, kama katika *hapa tulipofikia*. Huenda basi upande wa wakati umebakiza upinzani wa pande mbili, *hapa* dhidi ya *hapo*, bila ya msikilizaji kuwa na kiti chake. Hili halishangazi sana. Watu wawili wanaozungumza ana kwa ana wanaweza kuwa mahali pawili, lakini hawawezi kuwa katika wakati mbili.

Wanaweza, hata hivyo, wakiandikiana. Mwenye duka anabandika karatasi mlangoni: *Nimekwenda kuswali, narudi sasa hivi*. Mteja anayefika hajui *sasa* hiyo ni ya saa ngapi, kwa sababu wakati wa kuandika na wakati wa kusoma vimeachana, na karatasi haina tarehe. Lugha haijamnyima mwenye duka namna ya kulikwepa tatizo. Angeandika *narudi saa saba na nusu*. Kwa mahali, karatasi hiyo hiyo haina tatizo lolote. Akiandika *Usiegeshe gari hapa*, aliyeandika ameondoka, lakini karatasi imebaki mahali pake na imemrithi kitovu. Ikidondoka na kupeperushwa hadi mlango wa jirani, itaendelea kukataza, na itakuwa inakataza mahali pengine.

5. Hapo na pale katika kumbukumbu za mahakama

Kuna mahali ambapo tofauti hizi zinagusa haki za watu. Shahidi anayetoa ushahidi kwa Kiswahili hutumia vioneshi kwa wingi, pamoja na mikono. Tuchukue maelezo ya kubuni:

(9) Mimi nilikuwa nimesimama kama hapa. Yeye akatokea pale, umbali kama kutoka hapa mpaka hapo ulipo wewe, mheshimiwa. Akanikata hapa.

Katika sentensi hizi tatu mna *hapa* tatu, na hazifanani. Ya kwanza ni ya kufikirika: kizimba kimegeuzwa kuwa eneo la tukio. Ya pili ni ya kweli, ni alipo shahidi ndani ya chumba cha mahakama, na inafanya kazi ya kipimo. Ya tatu iko mwilini mwake, na haieleweki bila ya kidole. *Pale* ni ya eneo la tukio la kufikirika. *Hapo* ni ya hakimu, msikilizaji, aliyeketi kitini pake. Shahidi amevuka mara tatu kati ya chumba na eneo la tukio, na kila aliyekuwapo amemfuata bila kuchoka.

Kumbukumbu ya maandishi ndiyo inayochoka. Kwa miaka mingi nchini Tanzania, katika mahakama zilizo juu ya mahakama za mwanzo, mashahidi walisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, mpaka mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kiingereza kina neno moja tu la kawaida linalosimama badala ya *hapo* na *pale*. Katika tafsiri, mahali alipotokea mshtakiwa na mahali alipoketi hakimu huwa neno moja lililorudiwa, na anayesoma kumbukumbu hiyo katika rufaa, bila ya kuwapo chumbani, hawezi kujua kwamba la kwanza ni la eneo la tukio na la pili ni kipimo cha hatua kadhaa ambacho kingeweza kupimwa kwa futi kamba siku ile ile.

Kuandika kwa Kiswahili kunarudisha tofauti ya *hapo* na *pale*, na hiyo ni faida kubwa. Hakurudishi kidole. *Akanikata hapa* itabaki tupu katika lugha yoyote mpaka mwandishi wa kumbukumbu aongeze kwa maneno yake kwamba shahidi ameonesha bega la kushoto, na mpaka umbali wa *kutoka hapa mpaka hapo ulipo* ukadiriwe na kuandikwa kwa mita mbele ya pande zote mbili, wakati shahidi bado amesimama kizimbani na hakimu bado hajainuka kitini.